Gharama Isiyoandikwa Kwenye Risiti

Anayetuma pesa Kenya kutoka London hutozwa mara mbili. Tozo ya kwanza anaiona: ni ada. Ya pili mara nyingi haiandikwi, kwa sababu imejificha ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha. Kampuni hununua shilingi kwa bei ya soko, ikamuuzia mteja kwa bei yake, na tofauti hiyo inabaki kwake. Ndiyo maana tangazo la "tuma bila ada" laweza kuwa la kweli na huduma yenyewe ikawa ghali.

Tuchukue mfano. Tuseme leo pauni 1 sokoni ni shilingi 170, na binti anataka kumtumia mamake pauni 200. Kwa bei ya soko hizo ni shilingi 34,000. Kampuni ya kwanza haidai ada, lakini inabadilisha kwa 163, kwa hiyo mama atapata 32,600. Ya pili inakata ada ya pauni 3, kisha inabadilisha zile 197 zilizobaki kwa 169. Mama atapata 33,293. Huduma "ya bure" imemeza shilingi 1,400, ile yenye ada imechukua 707.

Lakini binti huyo akituma pauni 40 tu, mambo yanageuka. Kampuni ya kwanza itafikisha 6,520 na ya pili 6,253, maana ada ya pauni 3 haipungui hata kiasi kikiwa kidogo. Kwa viwango hivi, mpaka uko karibu na pauni 85: chini ya hapo ada huumiza zaidi, juu yake kiwango kibaya ndicho kinachoumiza. Kwa hiyo anayetuma vijisenti kila wiki hafai kumwiga jirani anayetuma karo ya muhula mzima kwa mkupuo.

Benki ya Dunia hujumlisha ada na tofauti ya kiwango inapopima gharama hizi, na Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kuzishusha chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Katika mfano wetu wa pauni 200, kampuni ya kwanza inatoza zaidi ya asilimia 4. Naona ni kosa kubwa kuiita hiyo bure.

Angalia pia upande wa mpokeaji. Pesa ikiingia kwenye M-Pesa, kuitoa kwa wakala kuna makato. Ikipitia benki kadhaa, yoyote kati yake yaweza kukata chake njiani. Na kiwango kizuri cha mara ya kwanza huenda ni cha kuvutia wateja wapya tu, kwa hiyo kihakikishe tena unapotuma mara ya pili.

Unapolinganisha, fungua huduma zote saa ileile, kwa kuwa bei hubadilika, na uziulize swali moja: nikitoa pauni 200, ada ikiwemo, mama atashika shilingi ngapi mkononi?