Butiki ya ku telefone: feza ya nyumba fasi yake, feza ya kazi fasi yake

Mu Salamabila, Kabambare mupaka Kasongo, butiki nyingi siku hizi hazina mulango. Mama anapiga foto ya vikwembe, anaitia ku status ya WhatsApp, watu wanaandika, feza inaingia kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na motari anapeleka koli. Wengi wenye kufanya kazi hii ni wake na watoto wa wachimbaji. Na mutaji, mara nyingi, ulitoka ndani ya shimo.

Ukiwauliza faida ya mwezi ni ngapi, wengi wanajibu na bei mbili: nanunua 12, nauza 20, basi nakula 8. Hesabu ile haiko ya uongo, lakini iko nusu. Na kwa watu wetu, nusu ile njo inafanya butiki ife. Mvua ikinyesha, mashimo yanajaa maji, nyumba inakula ku butiki. Mwaka wa 2019, wakati kazi ya mugodi wa Namoya ilisimamishwa juu ya usalama mubaya, ilikuwa vile vile kwa wenye mushahara. Kama mwenye butiki hajue inaweza kutoa ngapi kwa mwezi, anakula mutaji akifikiri anakula faida.

Kwa muchimbaji, jambo hili haliko geni. Ndani ya shimo, mali ikitoka, hakuna mwenye kuanza kugawa mbele PDG hajarudisha gharama: chakula cha watu, miti, mafuta ya mashini ya kuvuta maji. Kiisha pale njo munagawa. Butiki nayo ni vile, ila hapa hakuna mutu wa kukusimamia. Wewe njo PDG, wewe njo muchimbaji, na mufuko ni moya. (Sisi wa sendika tunajua sana kuuliza mukubwa wa kazi hesabu. Nyumbani kwetu hatuulizane.)

Jambo la kwanza ni kupasua mufuko ule. Nunua namba ya pili, uiandikishe kwa karti yako ya uchaguzi, na namba ile ikuwe ya butiki tu. Makiliya walipe pale, na bidhaa zilipwe kutoka pale. Feza ya mukono nayo iwe na kisanduku chake. Feza ya dhahabu ya mume isiingie pale hata siku moya bila kuandikwa. Na kama umepashwa kutoa feza ya unga ao ya masomo, usilipe moja kwa moja na namba ya butiki: jitumie kwanza ku namba yako, uandike mu kaye "nimetoa kwa nyumba", kiisha ununue. Utalipa frais kidogo za kutuma, ni kweli. Lakini utajua.

Jambo la pili ni kaye. Haiombe ordinateri. Upande wa kushoto andika kilichoingia, upande wa kuume kilichotoka, kila siku, na tarehe, na neno moja la kuonyesha kama ni feza ya mukono ao ya telefone. Mistari iko mifupi tu: "tarehe 4, vikwembe 2, dola 40, M-Pesa, kiliya wa Kabambare." Ukipewa falanga za Kongo, geuza kwa bei ya dola ya siku ile, na uandike bei ile pembeni, kwa sababu mwisho wa mwezi hautaikumbuka tena. Kiliya akituma 20 na wewe ukatwe frais wakati wa kutoa, andika 20 kushoto na frais kuume. Usiandike tu kilichobaki, sawa vile frais zitapotea machoni na hautajua zinakula ngapi.

Kaye ile haiko mawazo ya sendika. Inchi yetu iliingia mu OHADA mwaka wa 2012, na sheria yake ya biashara inaomba mufanyabiashara mudogo kabisa, ule anayeitwa antreprenan, aandike siku kwa siku feza zilizoingia na zilizotoka, atenganishe feza ya mukono na malipo mengine, na kaye ile aichunge miaka 5. Mwenye kuuza bidhaa anaombwa pia kuandika vitu alivyonunua na kuchunga karatasi zake. Basi siku moya mutu wa ofisi akikuuliza, utakuwa na kitu cha kuonyesha.

Sasa tufanye hesabu ya mwezi mumoja. Namba hizi nimezitunga kwa mufano, lakini njia ni ile ya kweli. Mama mumoja wa Salamabila anauza vikwembe kwa WhatsApp. Tarehe 1 iko na dola 600 mu kisanduku na telefone, na pesi 10 za vikwembe zilizobaki. Anaagiza pesi 40 ku Bukavu, kila moja dola 12, ni 480. Gari, wabebaji na kufunga makoli vinakula 80 tena. Hapa njo kosa la kwanza linaingiaga: 80 ile inasahauliwa. Ugawe kwa pesi 40, utaona kila pesi imeongezeka dola 2. Basi kikwembe kilichofika Salamabila hakiko tena cha 12, kiko cha 14. Zile 10 za zamani nazo zilifika kwa 14.

Ndani ya mwezi anauza pesi 32 kwa dola 20: ni 640. Lakini 26 tu njo zimelipwa, ni 520. Zingine 6 ziko deni, ni 120. Megabaiti, frais za M-Pesa na motari wa kupeleka koli kwa kiliya, vyote pamoja ni 50. Kiliya mumoja wa Kasongo ametuma dola 40 mbele, juu ya viatu ambavyo mama hajanunua bado. Kwa nyumba ametoa 90, na tena amekamata vikwembe 2: kimoja cha kuvaa, kimoja cha kupeleka ku matanga.

Mwisho wa mwezi anaangalia telefone na kisanduku: 660! Alianza na 600, basi anasema amepata 60. Lakini mume alikuwa ametia mule dola 200 za dhahabu. Ukizitosha, feza ya butiki ni 460. Sasa anaogopa, anasema amepoteza 140. Hilo nalo haliko kweli. Feza yenye iko mukononi haionyeshe faida, maana sehemu ya feza imelala ndani ya vikwembe na sehemu ingine iko kwa watu.

Hapa anapashwa kuhesabu vikwembe kwa mukono, kimoja kimoja. Alikuwa na 10, akanunua 40, akauza 32, akatosha 2. Inapashwa kubaki 16. Anahesabu: 15. Kimoja hakiko. Kiliibwa, ama kilipewa mutu bila kuandika, hatujue. Lakini bila kuhesabu, hangejua hata kama kinakosekana.

Faida sasa. Vikwembe 32 alivyouza vilikuja kwa 14 kila kimoja, ni 448. Toa mu 640, inabaki 192. Toa gharama 50, inabaki 142. Toa kikwembe kilichopotea, 14, inabaki 128. Faida ya kweli ni dola 128. Kama angehesabu kwa njia ya "nakula 8", angesema 8 mara 32, ni 256. Ni nusu kabisa! Nusu ingine ilikwenda wapi? Gari na wabebaji wa vile 32, dola 64. Megabaiti, frais na motari, 50. Kikwembe kilichopotea, 14.

Angalia kama vikwembe 15 ambavyo havijauzwa havikuhesabiwa hasara: viko bado ndani, vinangojea mwezi unaofuata. Na 40 ya mutu wa viatu haiko mauzo. Ni deni la butiki mupaka viatu vifike.

Iko njia ya pili ya kujua kama haukukosea. Andika mali yote ya butiki tarehe 1: feza 600, vikwembe 10 vya 14, ni 140, pamoja 740. Andika mali ya mwisho: feza 460, vikwembe 15, ni 210, madeni ya watu 120, toa 40 ya viatu, inabaki 750. Mali imeongezeka 10. Ongeza kilichokwenda nyumbani: feza 90 na vikwembe 2 vya 14, ni 118. Kumi na 118 ni 128. Njia mbili zimepatana. Kama hazipatane, iko mustari umeruka mu kaye, na mara nyingi ni frais ao kitu kilichotolewa usiku kwa haraka.

Sasa ona pale nyumba imefika: faida 128, nyumba imekula 118. Mama anafikiri ametoa 90 tu, kwa sababu vikwembe haviko feza machoni pake. Na kama wale wenye deni hawalipe 120 yao, butiki imerudi nyuma. Kwa butiki ya namna hii, mimi naona mwenyewe ajipangie mushahara wa dola 80, autoe mara mbili kwa mwezi, na kikwembe cha matanga kihesabiwe ndani ya mushahara ule kwa 14. Mume na muke wakubaliane juu ya namba ile mbele, maana bila mume kukubali, kaye haitasaidia kitu.

Kutoka kwa hesabu ile ile, mama anaweza kuona pa kushika. Motari peke yake amekula 26 ndani ya zile 50, kwa sababu makiliya wote walipelekewa bure. Anaweza kuandika ku status kama wa Salamabila anapelekewa bure, lakini wa Kabambare na Kasongo analipa motari mwenyewe. Gari ya Bukavu inaweza kushuka akiagiza pamoja na wauzaji wawili wengine, koli moja kubwa. Na wenye deni sita wasipewe pesi ya pili mbele ya kulipa ya kwanza, hata kama ni shemeji.