Pale "Hapana" Inapohesabiwa Kuwa Ndiyo

Msomaji mmoja wa Johannesburg anayeshughulika na data za utafiti anauliza kwa nini safu ileile ya faili lilelile inampa jumla tofauti kila anapobadilisha programu, na hakuna programu hata moja inayotoa onyo. Chanzo chake mara nyingi si uzembe. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kama vyuo vingi, hutumia mfumo wa REDCap kukusanya data. Humo jibu la ndiyo huhifadhiwa kama 1 na la hapana kama 0, lakini anayepakua faili huchagua apewe namba hizo au maneno yake, Yes na No. Msaidizi mmoja akichukua namba, mwenzake akachukua maneno, na wa tatu akaleta orodha yake ya Excel yenye TRUE na FALSE, faili zikiunganishwa safu inakuwa mchanganyiko bila mtu yeyote kukosea kuandika.

Tuchukue safu ndogo ya majibu kumi, ambamo ndiyo ni tano na hapana ni tano. Jibu la saba lina nafasi tupu mwishoni:

```
Yes, no, TRUE, FALSE, 1, 0, "yes ", No, 1, false
```

Ukiyafungua kwenye Excel na kuyajumlisha kwa `SUM`, unapata 2, kwa sababu `SUM` ikipewa safu hujumlisha namba tu na kuruka maneno pamoja na TRUE. Ukitumia `COUNTIF` kutafuta "yes" unapata 1: herufi kubwa na ndogo haziisumbui, ila ile nafasi tupu inaifanya "yes " kuwa neno jingine. Ukienda kwenye Python, ukasoma faili la CSV kwa pandas na kuandika `astype(bool).sum()`, unapata 10. Majibu yote yamegeuka ndiyo.

Hiyo 10 ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Safu ikishachanganyika, pandas huisoma yote kama maandishi, hata 0 na FALSE. Python ikiambiwa igeuze maandishi kuwa kweli au uongo haisomi maana yake; inauliza tu kama kuna kitu au hakuna. Ni kama bawabu aliyeagizwa amruhusu kila mwenye bahasha. Haifungui. Ndani inaweza kuwa imeandikwa "mzuie huyu", naye mwenye bahasha akapita huku akishukuru; anayezuiwa ni yule tu aliyekuja mikono mitupu. Kwa bawabu huyo "no", "false" na "0" ni bahasha zenye kitu ndani. Na hajavunja agizo lolote, ndiyo maana hakuna onyo.

Mtu atasema kosa la kumi kwa kumi litaonekana tu. Kweli, hilo litaonekana. La hatari ni lile linaloleta namba ya kuaminika. Idara ya Takwimu ya Afrika Kusini, katika utafiti wake wa jumla wa kaya, huandika ndiyo kama 1 na hapana kama 2. Tafiti za afya na demografia, zile za Kenya na Tanzania zikiwemo, huandika ndiyo 1 na hapana 0. Sasa unganisha kaya 100 za mtindo wa 0, zenye ndiyo 40, na kaya 100 za mtindo wa 2, zenye ndiyo 70. Ndiyo halisi ni 110, yaani asilimia 55. Ukijumlisha safu unapata 40, na 70, na 60 zinazotokana na zile hapana 30: jumla 170, asilimia 85. Haijazidi kaya 200, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, ilhali kila hapana ya upande wa pili imehesabiwa kama ndiyo mbili.

Wengi hujibu kwamba dawa ni kuweka orodha ya kuchagua ndani ya Excel. Inasaidia anayeandika kwa mkono, lakini anayebandika data kutoka faili jingine huipita. Dawa iliyo imara ni kusoma safu kama maandishi, kuorodhesha kila umbo lililomo kwa `value_counts(dropna=False)`, kisha kutafsiri kila chanzo kwa jedwali lake kabla ya kuunganisha:

```
s = s.str.strip().str.lower()
s = s.map({"yes": 1, "true": 1, "1": 1,
           "no": 0, "false": 0, "0": 0})
```

Umbo lisilokuwemo kwenye jedwali hubaki tupu. Hapo wengine huharakisha kujaza 0 kwa `fillna(0)`, na kosa linarudi kwa mlango mwingine: safu ya namba yenye mapengo, ikiwa imepita pandas na kuhifadhiwa, huandika "1.0" badala ya "1", na ndiyo zake zote zinageuka hapana. Kabla ya kujaza chochote, hesabu visanduku vilivyokuwa na jibu kabla ya `map` na vilivyobaki nalo baada yake. Hesabu hizo mbili zikitofautiana, kuna umbo ambalo jedwali halilijui.