Tangazo la Podikasti Linalomfanya Mtu Asikilize

Tangazo zuri la kipindi cha podikasti huanza na sauti ya mgeni. Tuseme umemhoji mkulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, kwa nusu saa. Usianze na "Leo tunazungumzia mabadiliko ya tabianchi", msomaji atapita. Rudi kwenye rekodi utafute sentensi inayozaa swali, kwa mfano: "Maji yalipopata moto kotonii yangu ilikufa. Ikabidi nijifunze kuogelea nikiwa na wajukuu." Msomaji atataka kujua kwa nini mkulima aogelee. Jibu, kwamba mwani huo sasa hustawi zaidi kwenye maji ya kina yaliyo baridi, libaki ndani ya kipindi. Nukuu ukiifupisha, hakikisha maana ya mgeni haijageuka, kisha msomee kabla ya kuitoa.

Utambulisho utoshe sentensi mbili: ni nani, na amepitia nini kinachompa haki ya kulizungumzia jambo hili. Orodha ya vyeo na semina iache.

Mwisho, maelekezo. Toa kiungo kimoja tu, kisha andika: "Bonyeza hapa, halafu alama ya pembetatu. Dakika 30, takriban MB 14." Hicho ndicho kiasi cha sauti ya kbps 64, na mwenye bando dogo ataamua mapema. Kabla ya kusambaza, fungua kiungo kwenye simu ya mtu mwingine. Kikidai nywila, wasikilizaji wako nao watakwama hapo hapo.