Halafu Zimezidi, Dogo

Juzi nimetoka Nachingwea kwa boda, nimeingia Ruangwa vumbi mpaka kwenye kope, namkuta dogo geto amekunja ndita. Kesho anatakiwa apeleke ripoti ya Takadini, ile riwaya ya Ben Hanson. Kajaza kurasa tatu na Sekai, mama yake Takadini, bado yuko njiani anakimbia.

Nikachukua peni, nikazungushia kila "halafu". Kumi na moja, ukurasa mmoja! Nikamwambia, oya, ukimpa mshkaji stori ya mechi ya Namungo pale Majaliwa, unamhesabia mipira ya kurusha? Si unamwambia goli lilianzia wapi? Basi msuko ndo huohuo. Toa "halafu", weka "kwa sababu" na "ndiyo maana".

Tukachonga upya. Sekai kakaa miaka bila mtoto. Anakuja kumpata, mtoto ni albino, na mila inataka auawe. Ndiyo maana mama anatoroka naye, mpaka anapokelewa kwenye kijiji cha mtemi Masasa. Huko Takadini anakua, mzee Chivero anamfundisha kupiga mbira, mwisho anaoa. Mistari sita, freshi. Ila dogo alikuwa kaandika "Mtemi Masasi"! Masasi si hapo tu jirani, mwanangu, hadithi ya watu iko Zimbabwe. Majina unayachungulia kitabuni, hayaandikwi kwa kichwa.

Kwenye wahusika alimwaga sifa: jasiri, mpole, mvumilivu. Ticha atauliza tu, umejuaje? Kila sifa ibebe tendo. Sekai ni jasiri kwa sababu aliikimbia ndoa yake na kijiji chake akiwa na kichanga, bila kujua atalala wapi. Hapo humbishii.

Dhamira kaandika neno moja, "ualbino". Hiyo ni mada, bado haijasema kitu. Nikambana: kitabu kinasemaje kuhusu ualbino? Akakuna kichwa, akatoa nondo: mila ikishikwa bila kuhojiwa inaua, ila mtu mmoja akigoma, wengine wanaweza kubadilika. Ushahidi anao, kijiji kimoja kilitaka kuua na kingine kikapokea.

Maoni ndo alibuma kabisa. "Kitabu ni kizuri, kinafundisha." Hiyo hata asiyekisoma anaiandika. Nikafunga daftari, nikamwambia aniambie kwa mdomo kilichomkera.

"Bro, mbona kinaitwa Takadini wakati mishe zote anapiga maza?"

Mzigo wote alikuwa nao, anaogopa tu ticha atamaindi. Nikamwambia andika hivyohivyo, ila jibu na upande wa pili: bila mtoto yule, Sekai angetoroka? Akatulia kidogo, akainama, peni ikaanza kukimbia: "Kwa maoni yangu mhusika mkuu ni Sekai, kwa sababu yeye ndiye anayeamua. Halafu..."

Akaangalia juu, akacheka, akakata mwenyewe.