Mzigo Umekataliwa Mlangoni: Nauli ya Kurudi Ni ya Nani?

Kochi la umbo la L limetoka kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, likapanda Fuso usiku, na asubuhi likashushwa Dodoma. Pale stendi ya malori likapakiwa kwenye kirikuu hadi nyumbani kwa mteja. Saa nane mchana simu ya muuzaji inaita. Ni dereva wa kirikuu: "Bosi, mama anasema hili silo lake, rangi siyo. Nalifanyaje?"

Wauzaji wengi hapa huchukua simu na kuanza kumsomea mteja maandishi ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mteja naye anapandisha sauti, dereva anadai pesa ya kusubiri, na mwisho kochi linabaki uani kwa jirani. Maandishi yale hayamkingi muuzaji kama anavyodhani, na hayamwambii mteja jambo analotaka kujua saa ile, yaani itamgharimu kiasi gani.

Tulifuate kochi hili kwa hesabu za mfano. Bei yake ni shilingi 1,400,000. Mteja ametanguliza 700,000, na nyingine 700,000 alipe mzigo ukifika. Usafiri wa kwenda, 150,000, alishautuma kando na kukubali kwamba ni juu yake.

Kabla ya kumjibu mteja, kuna maagizo ya dereva. Apige picha za kochi likiwa pale pale mlangoni, pande zote, kivulini na juani. Aandike kwenye karatasi ya makabidhiano sababu aliyoitoa mteja, kwa maneno ya mteja mwenyewe, pamoja na saa, kisha mteja aweke sahihi. Asijadili bei hata kidogo. Dereva aliyechoka atasema lolote ili aondoke, na neno lake baadaye litahesabiwa kuwa lako.

Mteja naye apate ujumbe mfupi ndani ya dakika chache: "Nimepata taarifa, dada. Nipe nusu saa niangalie picha, nitakupigia." Ukikaa kimya, anaamini umeshakula pesa yake.

Nusu saa hiyo ni ya kutafuta sababu ya kweli, kwa kuwa sababu ndiyo inayoamua nani alipe nauli ya kurudi. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Tanzania, Sura ya 214, na za Kenya, Sura ya 31, zote zimefuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na katika jambo hili zinakwenda pamoja. Mnunuzi ambaye hakuwahi kukagua bidhaa hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Kwa hiyo kumzuia mteja asifungue plastiki kabla ya kusaini hakukusaidii mbele ya sheria. Akikagua na kukuta kweli siyo aliyoagiza, anaweza kuikataa, na hana wajibu wa kukurudishia. Inatosha akuarifu kwamba ameikataa. Nauli ya kuifuata ni yako. Lakini kama bidhaa ni ile ile waliyoafikiana, na muuzaji yuko tayari kuikabidhi, mnunuzi anayekataa bila haki anawajibika kwa hasara iliyotokana na kukataa kwake, na kwa gharama halali za kuitunza.

Kuna hali moja inayowachanganya watu. Mteja akikwambia, "Niwekee kwenye basi fulani," au akitafuta lori lake mwenyewe, kwa kawaida kumkabidhi msafirishaji huyo ni sawa na kumkabidhi mteja. Ukipasuka njiani baada ya hapo, yeye ndiye wa kumdai msafirishaji, isipokuwa kama uliufunga ovyo. Lakini lori ulilolikodi wewe kwa ahadi ya kufikisha hadi mlangoni ni shauri lako. Mteja hana mkataba na dereva wako, na kumwambia "mdai mwenye gari" ni kumkwepa.

Turudi Dodoma. Muuzaji anazifungua picha, anatoa kipande cha kitambaa ambacho mteja alikichagua, anavilinganisha. Kitambaa ni kile kile. Kwenye picha ya dukani, chini ya taa, kilionekana cheupe zaidi; juani kimekolea. Mteja hasemi uongo, na muuzaji hakukosea oda. Mizozo mingi ya mlangoni iko hivi, katikati, na ndiyo sababu jibu la kukaripia huwa ni jibu baya hata pale haki iko upande wako.

Wakati mwingine rangi ni kisingizio. Mlango ni mwembamba, kochi halipiti. Au pesa iliyobaki haijapatikana, na ni aibu kulisema hilo mbele ya dereva na majirani. Utamtambua kwa sababu inayobadilika: kwanza rangi, kisha ukubwa, kisha mito. Na yupo anayekataa ili apunguziwe tu. Huyo haulizi mzigo utarudije wala pesa yake atairudishiwa vipi. Swali lake ni moja, unampunguzia ngapi. Ulizia kwa upole: "Dada, ukiacha rangi, kuna jambo lingine ningeweza kulirekebisha?" Piga simu kwa swali hili, usiliandike, maana mtu hukiri shida ya pesa kwa sauti kuliko kwa maandishi.

Sasa hesabu ya kurudi. Mteja hudhani kurudi ni kama kwenda, au ni bure kwa kuwa "gari si linarudi tu?" Fuso lililoleta kochi lilishaondoka asubuhi. Inabidi kutafuta jingine, na nauli yake inategemea linarudi na nini. Baada ya mavuno, malori ya kuelekea Dar hujaa mahindi ya Kibaigwa na mazao mengine. Miezi mingine hurudi matupu na dereva atakubali chochote. Kochi nalo ni jepesi lakini linakula nafasi, na haliwezi kuwekewa magunia juu, hivyo mwenye lori huhesabu nafasi, wala si kilo. Tuseme kalikubali kwa 80,000. Kirikuu wa kulirudisha stendi ni 30,000, kirikuu mwingine Dar hadi Keko 20,000, wabebaji wa kupakia na kushusha miji yote miwili 30,000, na kufunga upya plastiki iliyochanwa 10,000. Jumla ni 170,000, zaidi ya nauli ya kwenda.

Haijaisha. Kochi lililotengenezwa kwa kitambaa cha mtu mmoja, likasafiri kwenda na kurudi, haliuziki kwa bei ya mwanzo. Likipata 1,250,000, kuna hasara ya 150,000. Hapa muuzaji awe mwangalifu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, humpa aliyeumizwa fidia ya hasara iliyompata, na huangalia pia njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Hata pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, kiasi hicho ni dari. Mahakama hutoa kinachostahili chini yake. Basi kushikilia zile 700,000 zote kwa sababu risiti imesema "hairudishwi" ni kujitafutia kesi.

Ukishayajua haya, ujumbe unajiandika. Mimi ningeuandika hivi:

"Habari za mchana, dada. Pole kwa usumbufu wa leo. Nimelinganisha picha za dereva na kipande cha kitambaa ulichochagua. Ni kitambaa kile kile, ila juani kimekolea kuliko kilivyoonekana kwenye picha ya dukani, na naelewa kwa nini umeshtuka. Sitakulazimisha. Chagua mojawapo:

Ukilipokea leo, nitakupunguzia 60,000. Utalipa 640,000 badala ya 700,000.

Ukihitaji muda, litakaa stoo hapo Dodoma hadi siku 7. Stoo ni 5,000 kwa siku, na kulipeleka kisha kulirudisha kwako ni 50,000. Bei inabaki ile ile.

Ukitaka lirudi Dar, nauli ya kurudi pamoja na wabebaji na kufunga upya ni 170,000; nitakutumia risiti zote. Nakadiria litauzwa kwa pungufu ya 150,000. Kwenye 700,000 uliyotanguliza, utarudishiwa 380,000 likishauzwa. Likiuzwa zaidi ya nilivyokadiria, tofauti ni yako. Nauli ya kwenda, 150,000, imeshatumika na hairudi.

Naomba jibu kabla ya saa kumi na moja jioni, maana kirikuu anasubiri. Nisipolipata, nitalipeleka stoo, na siku ya kwanza nitailipa mimi."

Kwa nini 60,000? Muuzaji atasema haki ni yake, apunguze ya nini. Lakini haki hiyo ataidai kwa simu na barua kwa miezi, na huku kochi linapigwa vumbi na kamba za lori. Punguzo likiwa chini ya nauli ya kurudi, ni nafuu kwa wote wawili. Kwa yule mteja wa kukataa ili apunguziwe, ondoa kipengele hicho kabisa, muachie viwili vya chini. Mara nyingi pesa kamili hupatikana jioni ile ile.

Saa ya mwisho kujibu isiachwe. Bila hiyo kirikuu anahesabu muda, mvua inaweza kushuka, na mteja anaamua kesho.

Kosa likiwa la muuzaji, ujumbe huo wote unatupwa. Ukiwa umetuma kitambaa kingine, au mguu umevunjika njiani, jibu ni fupi: "Dada, kosa ni letu. Kochi nalichukua leo kwa gharama yangu, hulipi chochote. Unapenda nikutengenezee jingine, au nikurudishie pesa yote pamoja na nauli uliyolipa?" Usichanganye hapo punguzo, stoo wala maelezo ya malori. Mwenye lori utamalizana naye wewe.

Na kwa wewe unayepokea mzigo: fungua plastiki kwanza, kagua kwa mwanga wa nje, pima mlango kabla hata ya kuagiza, na usiandike "nimepokea" kabla hujaona. Ukikataa, andika sababu moja ya kweli na ubaki na picha ya karatasi hiyo. Muuzaji naye, siku ya kuandika oda, aweke nauli mbili kwenye karatasi hiyo hiyo, ya kwenda na ya kurudi, na mteja asaini zote mbili kabla fundi hajakata kitambaa.