Uvira: Klimatizeri ya zamani yaendeshwa na programu, telekomande yawekwa kando

Katika duka moja la dawa mjini Uvira, klimatizeri ya zamani inawaka yenyewe joto likifika digrii 27, kwani dawa nyingi hazitakiwi kupita digrii 30. Fundi hakuifungua mashini hiyo. Alinakili tu mwanga wa telekomande yake.

Kipokezi kidogo, kilichounganishwa na kadi ya ESP8266, kilisoma mwanga huo wa infraredi usioonekana kwa macho. Mwanzoni ujumbe uliingia vipande vipande, kwa sababu ni mrefu na una mapumziko katikati. Fundi aliongeza muda wa kusubiri kutoka milisekunde 15 hadi 50, ukaingia mzima.

Telekomande hiyo hutuma hali yote kila kitufe kinapobonyezwa: kuwaka, baridi, digrii na feni. Kwa hiyo jumbe mbili zilitosha: «baridi, digrii 24» na «zima». Taa ndogo ya infraredi huzirudia.

Lakini klimatizeri haijibu. Umeme ukikatika inazimika, huku kadi inayotumia betri ikidhani bado inafanya kazi. Ndiyo maana kipimajoto cha pili kiko mbele ya tundu la hewa: hewa isipopoa ndani ya dakika 10, ujumbe unatumwa tena.