Dhahabu yako imefika nisabu? Tupige hesabu pamoja

Tuseme uko Mweiga, una bangili na mkufu, na mwaka wako wa zaka unakamilika wiki hii. Umeviweka vyote kwenye mizani ya sonara pale Nyeri mjini, ikasoma gramu 96. Umesikia nisabu ya dhahabu ni gramu 85. Basi unadaiwa? Ngoja kwanza.

Zile gramu 85 ni za dhahabu safi, yaani karati 24. Mapambo mengi huchanganywa na madini mengine ili yawe magumu. Angalia muhuri mdogo ulio ndani ya pambo: 916 ni karati 22, na 750 ni karati 18. Zidisha uzito kwa karati, kisha gawanya kwa 24. Kama kuna vito, uzito wake utolewe kwanza.

Bangili zako ni gramu 48 za karati 22, kwa hivyo dhahabu safi ni gramu 44. Mkufu ni gramu 48 za karati 18, safi ni 36. Jumla ni gramu 80. Mizani ilisema umepita, kumbe dhahabu peke yake haijafika.

Sasa tuingize bei. Bei ya dunia hutajwa kwa dola kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Kwa mfano tu, tuchukue dola 4,000 kwa aunsi, na dola moja kwa shilingi 130. Hiyo ni shilingi 520,000. Gawanya kwa 31.1 upate kama 16,720 kwa gramu. Ukizidisha kwa 85, nisabu ni shilingi 1,421,200. Siku yako ikifika, weka bei ya siku hiyo. Usitumie bei ya kununulia pambo dukani, maana ndani yake kuna ufundi na faida ya sonara.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanasahau akiba. Wanazuoni wengi wa leo hujumlisha dhahabu na pesa taslimu. Gramu zako 80 ni shilingi 1,337,600. Ukiwa na 120,000 kwenye simu na benki, jumla ni 1,457,600. Umevuka! Zaka ni asilimia 2.5, yaani gawanya kwa 40: shilingi 36,440.

Kitu kimoja umuulize sheikh wako kabla ya kulipa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Kenya, kauli yenye nguvu ni kwamba mapambo halali ya mwanamke ya kuvaa hayana zaka. Hanafi wanasema yanayo. Dhahabu uliyoweka kama akiba, hiyo haina mjadala.

Na ukituma zaka kwa simu, ongeza ada ya kutoa, ili mpokeaji apate 36,440 kamili mkononi.